Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: lahajedwali moja la kufuatilia maombi mengi ya atachimenti

Kila mwaka msimu wa kutafuta atachimenti ukifika, vijana wa Lamu huniletea simu zao nizitazame, na maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mifano ni ya Google Sheets kwa sababu ndiyo wengi wanayo kwenye simu, lakini fomula hizi hufanya kazi vilevile kwenye Excel. Njia nyingi za menyu nilizoandika ni za kwenye kompyuta.

## Mwanzo

Nina maombi matano tu. Nahitaji lahajedwali kweli?

Matano unaweza kuyashika kichwani, ila yakishapita kumi au kumi na mawili mambo huanza kuchanganyika. Kwa Lamu kumi na mawili si mengi. Ofisi zinazochukua wanafunzi kisiwani zinahesabika: za kaunti, hospitali, makumbusho, wanyamapori, bandari kule bara, hoteli za Shela. Ukikosa hapa unaandikia Malindi, Kilifi, Mombasa, na kila ofisi ina makataa yake na mtu wake.

Kinachosahaulika huwa si jina la shirika, ni zamu. Je, sasa ni zamu yangu kufanya kitu au ni zamu yao? Ukiwa na maombi ishirini na huwezi kujibu swali hilo kwa kila moja, ndipo unapogundua Aprili kwamba kuna barua ya Februari hukuitumia hata ujumbe mmoja wa kukumbushia.

Niweke safu zipi?

Kumi zinatosha. Nimeona majedwali ya safu ishirini na tano, na mwenye nayo aliacha kuyajaza wiki ya pili. Andika mstari wa kwanza kwa mpangilio huu huu, kwa sababu fomula za huko chini zinategemea herufi za safu:

```
A Shirika
B Nafasi
C Makataa
D Nilituma
E Mawasiliano
F Hali
G Usaili
H Nilikumbusha
I Hatua
J Maelezo
```

Safu nne, yaani C, D, G na H, ni tarehe unazoziandika wewe. Safu ya I ni tarehe pia, lakini huiandiki: inajihesabu yenyewe, na ndiyo moyo wa jedwali zima. Inakwambia siku ambayo mstari ule unakuhitaji tena. Kisha gandisha mstari wa kwanza kwa `View > Freeze > 1 row` ili vichwa visipotee ukiteremka.

Atachimenti na utarajali niweke jedwali moja?

Weka pamoja, utofautishe kwenye safu ya B. Atachimenti ni ya mwanafunzi aliye bado chuoni na ni sehemu ya kozi, hivyo tarehe za kuanza zinafuata kalenda ya chuo. Utarajali, kama ule wa Tume ya Utumishi wa Umma, ni wa aliyekwisha kuhitimu, na hutangazwa kwa makataa yao. Kwa upande wa kufuatilia, hesabu ni ileile.

Safu ya Hali iwe na maneno gani?

Matatu tu: Natayarisha, Imetumwa, Imefungwa. Yatengenezee orodha ya kuchagua kwa `Data > Data validation` usiwe unayaandika kwa mkono. Si urembo. Fomula inatafuta neno "Imefungwa" lilivyo, na ukiandika "imefugwa" kwa haraka, au ukaacha nafasi tupu mwishoni mwa neno, mstari uliokwisha kufa utaendelea kukudai.

Watu hupenda kuongeza "Wanafikiria", "Waliniahidi", "Naona dalili nzuri". Hayo peleka kwenye Maelezo.

## Tarehe

Nimeandika makataa lakini jedwali linanionyesha mwezi mwingine. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mimi mwenyewe lilinila. Mwaka mmoja niliandika 4/3 nikikusudia tarehe nne Machi. Jedwali lilikuwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambao huanza na mwezi, kwa hiyo likaisoma tarehe 3 Aprili. Nikastarehe nikijua bado siku nyingi. Nafasi ilifungwa mimi nikiwa barazani Mkunguni nanywa kahawa.

Ubaya ni kwamba kosa hili halijitokezi kwa tarehe zote. Siku isiyozidi 12 inageuzwa kimyakimya, kwa kuwa 4 yaweza kuwa mwezi. Siku inayozidi 12 haiwezi kuwa mwezi, kwa hiyo 27/3 jedwali linashindwa kuielewa na kuiacha kama maandishi ya kawaida. Matokeo yake safu moja inakuwa na tarehe sahihi kwa macho, tarehe zilizogeuka, na maneno yanayofanana na tarehe.

Dawa: fungua `File > Settings`, na kwenye `Locale` chagua `United Kingdom`, ambayo huanza na siku kama tunavyoandika sisi. Fanya hivyo kabla ya kuandika tarehe yoyote, na ikiwezekana kwenye kompyuta, hata ya saiba. Kama tarehe zilikwisha kuingia, usizitegemee. Zipitie moja moja dhidi ya tangazo lenyewe, kwa sababu zile zilizogeuka hazitajirudi kwa kubadili mpangilio.

Nitajuaje kama tarehe imeeleweka au ni maandishi tu?

Tazama imelala upande gani. Tarehe ya kweli huegemea kulia mwa seli, maandishi huegemea kushoto, ikiwa hujagusa mpangilio huo. Ukitaka uhakika, andika hii kwenye seli tupu:

```
=ISNUMBER(C2)
```

Ikijibu `TRUE`, ni tarehe. Ikijibu `FALSE`, futa uandike upya. Kuna namna nyingine ya kulifanya kosa hili lisiwezekane: andika jina la mwezi kwa kifupi cha Kiingereza, kama `27 Mar 2026`, na mtindo wowote wa Kiingereza, wa Marekani au wa Uingereza, utaielewa.

Makataa niandike yale ya tangazo au niyarudishe nyuma siku chache kwa usalama?

Andika ya tangazo, yalivyo. Wanaojidanganya kwa kuandika siku tatu kabla huishia kukumbuka kuwa walijidanganya, na siku yenyewe ikifika hawajui tena tarehe ya kweli ni ipi. Nafasi ya usalama iache kwenye fomula, ambayo inakuita siku 7 kabla.

Siku 7 si nyingi ukiwa Lamu. Maombi ya atachimenti huhitaji barua ya utambulisho kutoka chuoni yenye muhuri, nakala ya kitambulisho, wasifu, na mara nyingi cheti cha bima ya ajali. Barua ikiwa Mombasa na wewe uko Amu, inapaswa kupanda basi hadi Mokowe kisha boti hadi kisiwani, na ofisi ya chuo nayo haisaini siku unayoitaka wewe. Kama unajua barua yako bado, badilisha 7 iwe 14.

Tangazo halina makataa kabisa. Safu ya C niweke nini?

Iache tupu. Usiandike "wazi" wala "hakuna". Kama hujatuma, fomula itaweka tarehe ya leo, na itaendelea kuweka ya leo kila siku mpaka utume. Inasumbua, na ndivyo ilivyokusudiwa: nafasi isiyo na makataa ndiyo huahirishwa mpaka wenzako waijaze.

## Fomula ya Hatua

Fomula yenyewe ni ipi?

Fungua karatasi ya pili ndani ya faili hilohilo uiite `Sikukuu`, uandike sikukuu za mwaka kwenye safu ya A, moja kila seli. Kisha rudi karatasi ya kwanza, weka hii kwenye I2, na uiburute chini hadi mstari wa 200:

```
=IF(OR(A2="",F2="Imefungwa"),"",
 IF(D2="",IF(C2="",TODAY(),C2-7),
 IF(AND(G2<>"",G2>=TODAY()),INT(G2)-1,
 WORKDAY(MAX(C2,D2,G2,H2),10,
 Sikukuu!$A$1:$A$20))))
```

Inasoma hivi. Mstari mtupu au uliofungwa, kaa kimya. Kama sijatuma, niite siku 7 kabla ya makataa. Kama nina usaili unaokuja, niite siku moja kabla yake. Vinginevyo, tafuta tarehe ya karibuni zaidi kati ya makataa, siku niliyotuma, siku ya usaili na siku niliyokumbusha mara ya mwisho, kisha hesabu siku 10 za kazi kutoka hapo.

Ukiona nambari kama 46126 badala ya tarehe, hakuna kilichoharibika. Jedwali huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku. Chagua safu ya I nzima, nenda `Format > Number > Date`.

Kwa nini siku kumi zihesabiwe kutoka makataa na si kutoka siku niliyotuma?

Kwa sababu ofisi nyingi hazifungui bahasha mpaka mlango ufungwe. Ukituma Machi 2 na makataa ni Machi 27, kuuliza Machi 16 ni kumuuliza mpishi kama wali umeiva na hajabandika sufuria. Atakujibu "bado", na umeshatumia nafasi yako ya kwanza ya kuuliza bila kupata kitu. `MAX` inachukua tarehe iliyo mbele zaidi, hivyo makataa yakiwa baada ya kutuma, hesabu inaanzia makataa. Na yakiwa hayapo, inaanzia siku uliyotuma.

Nionyeshe kwa mfano mmoja kamili.

Binti wa jirani yangu wa Langoni, anayesoma mambo ya maabara, aliweka shirika moja la Mombasa. Makataa: Ijumaa, 27 Machi 2026. Alipoliandika tu, safu ya I ikasema 20 Machi. Barua ya chuo ilimfikia mapema, akatuma Jumatano tarehe 18 na kuandika 18 Machi kwenye D.

Papo hapo Hatua ikaruka hadi 14 Aprili. Akaja mbio: "Ami, imekosea, siku kumi za kazi kutoka tarehe 27 ni 10 Aprili!" Haikukosea. Katikati hapo kulikuwa na Ijumaa Kuu tarehe 3 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na zote mbili alikuwa ameziandika kwenye karatasi ya Sikukuu. Ofisi zimefungwa siku hizo, basi na hesabu inaziruka.

Kabla ya tarehe 14 kufika, walimpigia: usaili Jumatano, 8 Aprili. Akaandika tarehe hiyo kwenye G, Hatua ikawa 7 Aprili. Akaenda, akahojiwa, akarudi. Kuanzia asubuhi ya tarehe 9, bila yeye kugusa chochote, Hatua ikasoma 22 Aprili, yaani siku kumi za kazi baada ya usaili. Siku hiyo akapiga simu, akaambiwa majina yako kwa mkurugenzi. Akaandika 22 Aprili kwenye H, na mstari ukasogea hadi 7 Mei, kwa kuwa 1 Mei ni Siku ya Wafanyakazi na ilikuwa Ijumaa. Jibu lilikuja kabla ya hapo.

Ona kwamba kazi yake yote ilikuwa kuandika tarehe nne, kila moja siku jambo lilipotokea.

Idd je? Siijui tarehe yake mapema.

Andika unayoikadiria kwenye karatasi ya Sikukuu, kisha uibadilishe mwezi ukiandama. Tarehe zote za Hatua zitajirekebisha zenyewe. Zile zisizohama, kama 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba, ziandike mara moja mwanzo wa mwaka.

Naona alama ya `#VALUE!` kwenye Hatua.

Karibu kila mara ni tarehe iliyoingia kama maandishi. Tazama swali la kuegemea kulia na kushoto hapo juu. Lakini jihadhari na hali iliyo mbaya kuliko hiyo: ukishatuma, fomula hutumia `MAX`, nayo hupuuza maandishi bila kulalamika. Makataa yaliyoingia vibaya hayataleta alama ya kosa tena. Hesabu itaanzia tu siku uliyotuma na wewe utapiga simu mapema mno. Kwa hiyo usingoje alama, kagua safu ya C siku unayoiandika.

## Rangi na mpangilio wa kila siku

Nitaonaje haraka mistari inayonidai leo?

Chagua kuanzia A2 hadi J200, fungua `Format > Conditional formatting`, chagua `Custom formula is`, uweke kwa rangi nyekundu:

```
=AND($I2<>"",$I2<=TODAY())
```

Kisha ongeza ya pili kwa manjano, ya siku tatu zijazo, ikae chini ya ile nyekundu kwa sababu kanuni ya juu ndiyo hushinda:

```
=AND($I2<>"",$I2<=TODAY()+3)
```

Alama ya dola kabla ya I usiisahau. Bila hiyo rangi itarukia seli zisizohusika na jedwali litaonekana kama kanga.

Nikipanga mistari kwa tarehe, majina yanachanganyika na simu za watu wengine!

Ulichagua safu moja ukaipanga peke yake. Rudisha haraka kwa kitufe cha kutendua. Safari nyingine weka kichujio kwa `Data > Create a filter`, halafu panga kutoka kwenye kishale cha kichwa cha safu ya I. Mistari yote itahama na vitu vyake. Iliyofungwa itashuka chini yenyewe.

Jedwali litanipigia kengele?

Halipigi. Hili watu hawalipendi kulisikia, lakini jedwali linajua tarehe pale tu unapolifungua. Ninavyofanya mimi ni kuweka kengele moja ya simu inayojirudia Jumatatu na Alhamisi saa mbili asubuhi, yenye jina "Fungua jedwali". Dakika kumi zinatosha: unashughulikia nyekundu, unaandika tarehe, unafunga.

Kwa usaili peke yake ongeza tukio kwenye kalenda ya simu, lenye kengele mbili: moja ya siku iliyotangulia, na moja ya saa ya kuondoka nyumbani. Usiweke kengele kwa kila mstari. Kengele ishirini ukizizoea unazizima bila kusoma.

Mtandao ukipotea?

Kwenye orodha ya mafaili bonyeza nukta tatu pembeni mwa jedwali uchague `Make available offline`. Utaandika bila bando na mabadiliko yatapanda ukipata mtandao. Ila usilihariri wakati huohuo kwenye kompyuta ya saiba, halafu ukashangaa kipi kilishinda.

## Watu na mawasiliano

Safu ya Mawasiliano niandike nini hasa?

Jina au cheo cha mtu, simu, na mlango uliompatia. Kwa mfano: "Sekretari wa idara, ghorofa ya kwanza, simu ya mezani, nilielekezwa na mwalimu wa chuo." Huo mlango ndio unaokusaidia kufungua mazungumzo baada ya mwezi, wakati wewe mwenyewe umeshasahau nani alikutuma.

Ukiandika nambari ya simu peke yake ndani ya seli, sifuri ya mwanzo itapotea, kwa kuwa jedwali huiona kama hesabu. Tanguliza alama ya `'` kabla ya sifuri, au iandike pamoja na maneno kama mfano wa hapo juu, sifuri itabaki.

Nikikumbushia niseme nini bila kuonekana msumbufu?

Mambo matatu: wewe ni nani, uliomba nini na lini, na swali moja linalojibika kwa sentensi moja. Jedwali linakupa yote matatu mbele ya macho. Kwa simu:

"Habari ya asubuhi, Bi. Mimi ni mwanafunzi niliyeomba atachimenti ya maabara, barua yangu niliituma tarehe 18 Machi. Samahani kwa kukusumbua, naomba kujua kama majina yameshachaguliwa, au nipige tena lini."

Hayo maneno ya mwisho, "nipige tena lini", ndiyo yenye thamani. Akikwambia "wiki ijayo Jumanne", unaandika tarehe ya leo kwenye H na "piga Jumanne" kwenye Maelezo. Kama Jumanne hiyo iko mapema kuliko siku kumi za fomula, andika tarehe yake moja kwa moja juu ya fomula ya I ya mstari huo, na ukishapiga nakili fomula kutoka mstari wa jirani.

Wakati nao una adabu yake. Ijumaa baada ya saa tano usimpigie mtu wa huku; akili yake iko msikitini, na akirudi ni wikendi. Tarehe ya Hatua ikiangukia Ijumaa, piga asubuhi mapema.

Nikumbushie mara ngapi?

Mara mbili. Baada ya ya pili, ngoja siku kumi nyingine, kisha chagua Imefungwa na uandike "kimya" kwenye Maelezo. Usiufute mstari. Mwaka ujao utataka kujua ofisi ipi haijibu, na mdogo wako atataka kujua zaidi. Matangazo yanayosema watakaoitwa ni waliochaguliwa tu, mimi hukumbushia mara moja pekee.

## Mambo ya pembeni

Waliniambia usaili ni saa nne. Nimeandika 4:00. Kuna shida?

Kubwa. Saa nne asubuhi ya Kiswahili ni 10:00 kwenye simu yako. Na aliyekupigia akiwa amechanganya Kiingereza, "saa nne" yake huenda ni 4:00 ya jioni, ambayo kwetu ni saa kumi. Nimemwona kijana amefika lango la ofisi Malindi saa sita nzima kabla ya wakati, na huyo alikuwa na bahati kuliko angechelewa saa sita.

Uliza palepale kwenye simu: "Asubuhi au jioni, Bi?" Kisha andika kwa mtindo wa saa 24, kwenye G pamoja na tarehe: `8/4/2026 10:00`. Fomula haitaharibika.

Usaili uko Mombasa. Siku moja kabla inatosha?

Haitoshi kwa aliye kisiwani. Siku moja kabla ndiyo siku ya kusafiri: boti hadi Mokowe, kisha basi mchana kutwa. Ukikumbushwa siku hiyo asubuhi, basi limeshaondoka na nguo hujapiga pasi. Badilisha `INT(G2)-1` iwe `INT(G2)-3` kwenye mstari huo pekee. Wa usaili wa hapa Amu au wa mtandaoni waache na 1.

Usaili umeahirishwa.

Andika tarehe mpya juu ya ile ya zamani kwenye G, na ya zamani iweke kwenye Maelezo. Kama hawajasema tarehe mpya, futa G na uweke siku waliyokupigia kwenye H. Utaitwa tena baada ya siku kumi za kazi.

Sikutuma barua yoyote. Ami yangu alinitambulisha na nikaitwa moja kwa moja.

Fomula inaangalia D kwanza, kwa hiyo ukiiacha tupu itadhani hujatuma, na usaili wako hautaonekana. Weka kwenye D siku ami alipoongea nao. Barua ya chuo na bima wataitaka hata hivyo, kwa hiyo ziandike kwenye Maelezo kama deni.

Nimepata mbili kwa pamoja. Mistari mingine nifanyeje?

Usifunge yote siku hiyohiyo. Ngoja uwe na barua ya kukubaliwa mkononi yenye tarehe ya kuanza, kwa sababu "umepata" ya simu imewahi kugeuka. Barua ikifika, chuja mistari yenye Imetumwa, na kwa kila ofisi iliyokuhoji au iliyokujibu andika ujumbe mfupi wa kujiondoa kwa heshima kabla ya kuchagua Imefungwa. Zile ambazo hazikuwahi kujibu, zifunge tu. Ile ya pili uliyoikataa ipigie simu mwenyewe, asubuhi hiyohiyo: kuna mwenzako mahali fulani ambaye mstari wake umekuwa mwekundu wiki mbili akiingoja nafasi hiyo.